Hita ya Feni au Hita ya Mafuta kwa Chumba Kidogo?

Hita ya feni ni kisanduku chepesi chenye nyaya au vibamba vya kauri vinavyopashwa moto na umeme. Nyuma yake kuna feni ndogo inayosukuma hewa ipite kwenye moto huo na kutokea mbele. Hita ya mafuta ni mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa kusimama na kuwekwa juu ya magurudumu. Ndani yamejazwa mafuta yasiyoungua wala kuhitaji kuongezwa, na kipashio kilicho chini huyapasha mpaka chuma chote kinakuwa cha moto. Zote mbili huuzwa kwa nguvu zinazokaribiana, nyingi zikiwa kati ya wati 1,000 na 2,000. Zote pia hazitoi ile hewa ya sumu inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Tofauti zake huonekana vizuri katika chumba halisi. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Tuseme chumba cha kulala kina urefu na upana wa mita 3, kuta za tofali zilizopigwa lipu, dirisha moja la kioo, na dari ya mbao nyembamba chini ya bati. Jioni ndani kuna nyuzi 12, na mwenye chumba anataka zifike 19.

Hewa yote ya chumba hicho haizidi kilo 25, na kuipasha joto ni kazi ndogo sana. Hita ya feni ya wati 2,000 huanza kutoa hewa ya moto ndani ya nusu dakika, na baada ya dakika 5 hadi 10 aliyeketi chumbani anaweza kuvua koti. Lakini kilichopata joto hapo ni hewa tu. Kuta, sakafu na godoro bado ni baridi, nazo huendelea kuifyonza ile hewa joto lake. Ndiyo maana hita ya feni ikizimwa mapema, baridi hurudi karibu kwa kasi ileile iliyoondoka nayo, na watu wengi huhitimisha kwamba hita hiyo haina nguvu. Nguvu inayo, kilichokosekana ni muda wa kuta kupata joto.

Hita ya mafuta huchelewa tangu mwanzo, kwa kuwa umeme hulazimika kwanza kupasha kilo kadhaa za chuma na mafuta. Mabamba huhitaji dakika 15 hadi 30 ili yawe ya moto kamili, na chumba huanza kupendeza baada ya hapo. Faida yake huja baadaye. Joto lake halina kelele wala upepo, husambaa polepole, na hita ikizimwa mabamba hubaki ya vuguvugu kwa nusu saa au zaidi.

Vuguvugu hilo ndilo chanzo cha imani iliyoenea madukani kwamba hita ya mafuta inakula umeme kidogo. Si kweli, na inafaa kueleza kwa nini. Kila uniti ya umeme inayoingia katika hita yoyote kati ya hizi hugeuka yote kuwa joto. Hakuna hita ya aina hizi inayoweza kutoa zaidi ya ilichopokea. Joto linalobaki kwenye mabamba baada ya kuzima lililipiwa mapema, katika zile dakika ambazo chumba kilikuwa bado baridi. Tena si joto jingi: katika hita ya ukubwa wa kawaida halifiki robo ya uniti.

Kinachoamua gharama ni joto linalopotea kupitia kuta, dari na mianya. Chumba cha mfano wetu, nje kukiwa na nyuzi 8, hupoteza kiasi cha wati 800 ili kibaki kwenye nyuzi 19. Kwa saa 3 za jioni hizo ni uniti 2 na nusu hivi, hita iwe ya aina gani. Tukikadiria uniti kwa shilingi 350, jioni moja ni karibu shilingi 900, na mwezi mzima ni uniti 75 au shilingi 26,000 na ushei. Mteja aliyekuwa akitumia umeme mdogo kwa bei nafuu huenda akavuka kiwango chake kwa sababu ya hita peke yake. Pazia zito na kipande cha nguo kilichozibwa chini ya mlango vitapunguza gharama hiyo kuliko kubadilisha aina ya hita.

Tofauti ya gharama hujitokeza katika matumizi mafupi. Anayetaka joto la kuvalia nguo asubuhi anaweza kuwasha hita ya feni kwa dakika 20, akatumia theluthi mbili za uniti, karibu shilingi 230. Kwa hita ya mafuta ya wati 1,500 atalazimika kuiwasha dakika 50 kabla, na atakuwa ametumia uniti moja na robo, sehemu kubwa ikiwa imepasha chumba kisicho na mtu. Kwa anayesoma au kushona saa nyingi usiku, hita ya mafuta ni bora kwa sababu ya utulivu wake. Thamostati yake huiwasha na kuizima bila mtu kuhisi, wakati ile ya feni humfanya mtu apigwe na upepo wa moto kisha ghafla baridi.

Kwa upande wa usalama, hatari kubwa ya hita ya feni iko mbele yake. Shuka au gazeti likiangukia mdomo wa hewa, moto hukosa pa kutokea na joto hupanda haraka. Hita nzuri ina kizimio cha ndani kinachokata umeme hapo, na swichi ya chini inayozima hita ikianguka. Swichi hiyo ya chini ijaribiwe dukani au siku ya kwanza: ukiiinua hita inayofanya kazi, inapaswa kuzima. Ikae mita moja kutoka kitandani na kwenye pazia, na isiachwe ikiwaka wakati watu wamelala.

Hita ya mafuta haina waya mwekundu, lakini mabamba yake yanaweza kumuunguza mtoto anayeyashika, na uzito wake unaweza kumwumiza ikimwangukia. Haifai kuanikiwa nguo, wala kuwashwa ikiwa imelazwa. Ikiwa imesafirishwa kwa kulazwa, isimamishwe kwa muda mafuta yatulie kabla ya kuwashwa. Tone la mafuta sakafuni maana yake imepasuka, na haipaswi kuwashwa tena.

Hatari inayozihusu zote mbili iko ukutani. Wati 2,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, kwa saa kadhaa mfululizo. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haihimili mkondo huo. Hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Baada ya nusu saa plagi iguswe. Uvuguvugu kidogo ni wa kawaida, lakini ikiwa ya moto, ikibadilika rangi kuwa ya kahawia, au ikitoa harufu kama ya samaki, soketi ina mguso uliolegea. Hita izimwe, na fundi wa umeme aibadilishe soketi hiyo kabla hita haijawashwa tena. Umeme ukikatika, hita ichomolewe, kwani ukirudi nyumba ikiwa haina mtu, hita itajiwasha yenyewe bila kujali kilichoangukia mbele yake.