Kuchagua kati ya kazi tatu kwa jedwali lenye uzito

Jedwali la maamuzi lenye uzito ni karatasi yenye mistari michache: juu zinaandikwa njia zinazoshindaniwa, kando vinaandikwa vigezo, na kila kigezo kinapewa uzito kulingana na umuhimu wake kwa anayeamua. Kila njia inapewa alama kwa kila kigezo, alama inazidishwa kwa uzito, kisha matokeo yanajumlishwa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Ugumu uko kwenye namna ya kupata uzito, na kwenye kusoma jumla inayotokea.

Mzizi wa mbinu hii unahusu kazi hasa. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi wa Leeds huko Uingereza, aliitwa na Bwana Shelburne awe mtunza maktaba wake, akashindwa kukata shauri. Rafiki yake Benjamin Franklin alimwandikia barua tarehe 19 Septemba akimweleza desturi yake: kugawa karatasi pande mbili, kuandika sababu za kukubali na za kukataa kwa muda wa siku tatu au nne, kisha kufuta zile zinazolingana uzito. Franklin alikuwa ameshaona kwamba tatizo si uchache wa sababu. Sababu hazimjii mtu kwa pamoja. Leo inatawala hii, kesho ile, na moyo unageuka kila mara. Priestley hatimaye aliikubali kazi ile. Karatasi ya pande mbili, hata hivyo, inatosha kwa ndiyo au hapana. Njia zikiwa tatu, linahitajika jedwali.

Mfano ni muuguzi aliyeajiriwa na serikali katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Anaweza kubaki hapo, anaweza kwenda hospitali binafsi Dar es Salaam, au anaweza kuacha ajira afungue duka la dawa muhimu mjini hapohapo. Mshahara ukiisha kabla ya mwezi, analitaka duka. Akisikia jirani kafunga biashara, anaishukuru ajira. Akikutana na mwenzake aliyehamia Dar, anataka kufunga mizigo.

Kabla ya kuchora chochote huulizwa swali la kuchuja: je, kila njia inawezekana kweli? Kama mtaji wa duka haupo wala haukopeki, duka halina haja ya kuingia kwenye jedwali. Hapa tuchukulie mtaji upo.

Vigezo vinne vinamtosha: kipato, uhakika wa kazi, muda wa familia na kukua kitaaluma. Wengi huharibu hapa kwa kuandika mshahara, posho na marupurupu kuwa vigezo vitatu. Hizo zote ni fedha, na kuzitenganisha kunaipa fedha kura tatu bila mwenyewe kujua.

Alama hutolewa kuanzia 0 kwa njia iliyo dhaifu kuliko zote katika kigezo hicho, hadi 10 kwa iliyo bora. Kipato kipimwe kwa kile kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, nauli na chakula, maana mshahara mkubwa wa Dar humezwa na Dar yenyewe. Tuseme wilayani zinabaki shilingi 350,000 kwa mwezi, Dar 550,000, na duka linakisiwa kubakiza 850,000. Pengo lote ni 500,000. Dar imepanda 200,000 kati ya hizo, kwa hiyo inapata 4.

Sasa uzito. Kujiuliza tu "kipi muhimu zaidi" hakusaidii, kwa sababu kila mtu atajibu familia, hata kama kazi zote tatu zinamrudisha nyumbani saa ileile. Uzito hutegemea pengo lililopo kati ya njia hizi tatu. Kwa hiyo muuguzi ajiwekee picha ya kazi mbovu kwa kila hali: inabakiza 350,000, haina uhakika, familia iko mbali, taaluma imesimama. Akiruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu kitoke hali mbaya kifike hali bora, ataanza na kipi? Akisema kipato, kipato kinapata 100. Kingine kinachofuata kinalinganishwa na hicho: uhakika 80, familia 50, taaluma 20. Jumla ni 250, na zikigeuzwa kuwa sehemu za mia zinakuwa 40, 32, 20 na 8.

| Kigezo | Uzito | Wilayani | Dar | Duka |
|---|---|---|---|---|
| Kipato | 40 | 0 | 4 | 10 |
| Uhakika | 32 | 10 | 4 | 0 |
| Familia | 20 | 10 | 0 | 5 |
| Taaluma | 8 | 5 | 10 | 0 |
| Jumla | 100 | 560 | 368 | 500 |

Asiyejua jedwali angesimama hapa na kutangaza kwamba wilayani kumeshinda. Lakini 560 kwa 500 si ushindi wa kutegemea, hasa kwa mtu ambaye moyo wake haujatulia. Dawa ni kujaza uzito upya siku nyingine mbili tatu, karatasi ya zamani ikiwa imefichwa, na siku mojawapo iwe ile ambayo hali ya moyo ni tofauti kabisa. Tuseme mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa mtupu, kipato kinapanda hadi 45 na uhakika unashuka hadi 27. Wilayani panapata 510, duka 550. Mshindi amebadilika.

Hapo ndipo jedwali linaanza kulipa. Kumbe moyo hauyumbi ovyo. Kuhamisha pointi tatu tu za uzito kutoka uhakika kwenda kipato kunazisawazisha njia mbili za juu, ilhali Dar inabaki 368 siku zote mbili. Dar haikuwa mshindani, ilikuwa kelele. Mvutano halisi ni mmoja, fedha dhidi ya uhakika, nao unategemea namba moja ambayo hakuna aliyeihakikisha: zile 850,000 za duka.

Namba hiyo ni ya kukisia, na makisio ya biashara ambayo haijaanza huelekea juu. Likibakiza 600,000, alama ya kipato ya duka inakuwa 5 na jumla yake, kwa uzito wa mwanzo, inaporomoka hadi 300, chini ya Dar. Ni afadhali kazi ya wiki inayofuata iwe kuzungumza na wenye maduka wawili watatu wa mji mwingine, wasiomwona kuwa mshindani, kuhusu kodi ya fremu, leseni, malipo ya mtoa dawa, dawa zinazoisha muda rafuni na miezi ya mwanzo isiyo na wateja. Kuendelea kurekebisha uzito hakutaongeza chochote, na anayejikuta akizichezea namba mpaka duka lishinde ameshajua analolitaka. Jedwali halimdai tena.

Hesabu ileile ikirudishwa kinyumenyume inampa mipaka ya kwenda nayo. Kwa uzito wa siku ya mfuko mtupu, duka linalingana na wilayani likibakiza takriban 806,000 kwa mwezi. Kwa uzito wa siku tulivu, linahitaji 925,000. Wenye maduka wakimpa picha iliyo chini ya 806,000, abaki wilayani, kwa kuwa hakuna hata siku moja kati ya alizopima inayolitetea duka. Ikizidi 925,000, siku zote zinalitetea. Ikiangukia katikati, njia hizo mbili zinalingana kwa kila kilichoandikwa, na kuongeza usahihi wa hesabu hakutazitenganisha. Kinachobaki ni kuuliza kama kuna kigezo kilichosahaulika, na kwa mwajiriwa wa serikali kipo kimoja kilicho wazi: duka linaweza kufunguliwa mwaka ujao, ila ajira ikishaachwa, kuipata tena si jambo la kuandika barua moja.