Mbu Hajifunzi Kuishinda Dawa

Ukilalamika kwamba mbu wanatua kwenye chandarua chenye dawa na kuondoka wazima, jibu utakalopewa karibu kila mahali ni kwamba mbu wameshaizoea dawa. Sehemu moja ya jibu hilo ni kweli. Katika maeneo mengi ya Kenya, Tanzania na Uganda, anofelesi, yaani mbu waenezao malaria, hawafi kirahisi kwa dawa za vyandarua kama walivyokuwa wakifa zamani. Kosa liko katika maelezo ya namna hali hiyo ilivyotokea. Hakuna mbu aliyeonja dawa, akaumia, kisha akajirekebisha na kurithisha watoto ujuzi huo. Mbu aliyezidiwa na dawa alikufa. Aliyepona alizaliwa na kinga yake kabla hajakutana na chandarua.

Dawa nyingi za vyandarua ni za jamii ya pairethroidi, sumu zinazotengenezwa viwandani kwa kufuata mfano wa sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, zao linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mishipa ya fahamu ya mbu husafirisha ujumbe kwa kufungua na kufunga vijilango vidogo vinavyopitisha sodiamu. Pairethroidi hushika vijilango hivyo visijifunge. Mishipa huendelea kupiga bila kutulia, mbu hutetemeka, huanguka na hatimaye hufa.

Hata hivyo, mbu hawafanani. Jeni hunakiliwa kila kizazi, na mara chache kunakuwa na makosa ya kunakili. Mengi ya makosa hayo hayana faida, na mengine huua. Lakini kosa moja, la herufi moja tu katika maandishi ya urithi, hubadilisha kijilango cha sodiamu mahali ambapo wataalamu hupaita nafasi ya 1014. Kijilango kinaendelea kufanya kazi, ila dawa haikishiki sawasawa. Mbu wengine wana kinga ya aina tofauti: miili yao hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja sumu. Makosa ya kunakili hutokea kwa bahati, dawa iwepo isiwepo.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kijiji kina mbu 1,000, na 10 kati yao wana kinga. Vyandarua vinaua mbu 9 katika kila 10 wasio na kinga, lakini mbu 1 tu katika kila 10 wenye kinga. Wanabaki 99 wasio na kinga na 9 wenye kinga. Ingawa wenye kinga nao wamepungua, sehemu yao katika kundi imepanda kutoka asilimia 1 hadi kama 8. Hao waliobaki wakizaana hadi kufika 1,000 tena, na watoto wakifanana na wazazi, dawa ikipita mara ya pili wenye kinga wanafika karibu asilimia 45, na mara ya tatu asilimia 88. Hakuna mbu hata mmoja aliyebadilika katika hesabu hii. Kilichobadilika ni kundi. Huo ndio uteuzi asilia: dawa ni chekecheke, na kinachobaki juu yake kilikuwamo tangu mwanzo.

Maisha halisi huenda polepole kuliko hesabu hiyo. Si kila mbu hukutana na dawa, na kinga ya nafasi ya 1014 huwa na nguvu hasa kwa mbu aliyeirithi kwa baba na mama pia. Lakini mwelekeo ni uleule, na mbu huzaana haraka: yai huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili.

Tunajuaje kwamba kinga hutangulia dawa? Jaribio lililochapishwa mwaka 1960 lilijibu swali hilo kwa nzi wa matunda na dawa ya DDT. Watoto wa kila familia ya nzi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa DDT, jingine halikuguswa kabisa. Ikatazamwa ni familia zipi ambazo watoto waliowekewa DDT walistahimili sumu vizuri zaidi, kisha kizazi kilichofuata kikazalishwa kutoka kwa ndugu zao ambao hawakuguswa. Hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi. Mwishowe wakapatikana nzi wenye kinga kubwa dhidi ya DDT, ilhali hakuna mzazi wao, babu wala bibi aliyewahi kuionja. Kama kinga ingetokana na kuzoea, nzi hao wasingekuwa nayo.

Magharibi mwa Kenya, mbu waliohifadhiwa tangu miaka ya 1980, kabla ya majaribio makubwa ya vyandarua vyenye dawa, walipochunguzwa jeni zao, badiliko la nafasi ya 1014 lilikutwa tayari, kwa wachache. Vyandarua vilipoenea, liliongezeka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 2010 karibu kila mbu wa aina ya Anofelesi gambiae huko alikuwa nalo.

Usugu hupimwa kwa njia rahisi. Mbu jike kama 25 huingizwa kwenye mrija uliozungushiwa karatasi yenye dawa kwa saa 1, kisha huwekwa penye usalama na maji ya sukari kwa saa 24. Mirija kadhaa hutumiwa, pamoja na mingine yenye karatasi isiyo na dawa ya kulinganishia. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado inafanya kazi vizuri; wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Kwa mama anayetungika chandarua, hoja ni kwamba mbu sugu bado hawezi kupenya kitambaa. Ila dawa inapopoteza makali, kila tundu huwa hatari zaidi, kwa hiyo sindano na uzi vina kazi. Kwa mkulima wa nyanya au mpunga, pairethroidi ni dawa anayopulizia wadudu wa shambani pia. Bomba likioshewa mtaroni, viluwiluwi vya mbu huchujwa humo kabla hata hawajaota mabawa. Apulizie anapoona wadudu, asipulizie kwa kalenda tu, na maji ya kuoshea yasifike kwenye madimbwi.

Kwa mwalimu wa baiolojia, slaidi inayoonyesha mbu mmoja akiguswa na dawa kisha kugeuka mbu shupavu ifutwe. Badala yake zichorwe picha mbili za kundi moja kabla na baada ya dawa, mbu wachache wakiwa na rangi tofauti tangu picha ya kwanza.

Vyandarua vipya vimetengenezwa kwa ufahamu huu. Vingine vina piperonili butoksidi, inayozuia vimeng'enya vya mbu visivunje sumu. Katika jaribio la Muleba, mkoani Kagera, watoto waliolala ndani yake walikutwa na malaria kwa kiwango kidogo kuliko waliotumia vyandarua vya kawaida. Vingine vina dawa ya pili inayoshambulia sehemu nyingine ya mwili, ili mbu aliyezaliwa na kinga ya kwanza auawe na ya pili. Ni hatua nzuri, lakini dawa hizo nazo zitachuja. Ndiyo maana upimaji hauna budi kuendelea katika kila eneo, dawa ibadilishwe wakati mbu wenye kinga bado ni wachache.