Meseji Ulizofuta Zinaporudi na Simu Mpya

Mdogo wangu alivunja uchumba mwezi Mei. Usiku uleule akafuta mazungumzo yake yote ya WhatsApp na mwanamume yule. Julai simu ikamdondoka, kioo kikafa, akanunua nyingine. Akaweka laini, akaingiza zile namba 6 za uthibitisho, akabonyeza Restore. Haikupita nusu saa akanipigia: “Dada, yamerudi yote. Mpaka meseji za sauti.”

Alidhani kuna mtu kamchezea simu, lakini hakuna aliyemchezea. Kilichorudi ni bekapu yake mwenyewe.

Bekapu ni nakala ya mazungumzo yako jinsi yalivyokuwa siku ile ilipochukuliwa. Kwenye simu za Android, WhatsApp huipeleka kwenye akaunti yako ya Google, yaani kwenye kompyuta za Google zilizo mbali na simu yako. Ukifuta mazungumzo leo, unafuta yaliyomo kwenye simu tu. Nakala ya huko hukaa vilevile mpaka bekapu mpya ichukue nafasi yake.

Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. WhatsApp, usipoibadilisha, husubiri waifai ndipo ipeleke bekapu. Sisi tunaoishi kwa bando tunaweza kukaa miezi bila kushika waifai, na nakala inazeeka huko iliko. Ya mdogo wangu ilikuwa ya mwishoni mwa Aprili, wiki kadhaa kabla hajafuta chochote.

Akafuta tena, akaona yamekwisha. Wiki mbili baadaye programu ikamsumbua, akaiondoa na kuipakua upya. Mazungumzo yakarudi mara ya pili, kwa sababu bado hakuwa amepiga bekapu mpya. Nilimhurumia sana siku hiyo. Kusoma maneno yale mara moja tayari ni mengi.

Tulikaa naye sebuleni tukaanza kwa kufuta. WhatsApp inapouliza kama ifute pia picha na video za mazungumzo hayo zilizo kwenye simu, weka tiki. Kisha tukaingia Settings, Chats, halafu Chat backup. Juu kabisa huonyeshwa tarehe na saa ya bekapu ya mwisho, mstari mmoja kwa ile iliyo ndani ya simu na mwingine kwa ile ya Google. Mstari wa Google ndio uliokuwa bado unasema Aprili. Tukawasha Back up using cellular, tukazima Include videos ili bando lisiishe, tukabonyeza Back up na kusubiri bila kufunga. Usiondoke hapo mpaka mstari wa Google uonyeshe tarehe ya leo. Ukisoma tarehe ya zamani, bado hujafuta kitu.

Nikamwuliza ana Gmail ngapi. Akakumbuka kwamba fundi aliyemwashia simu ya kwanza alimfungulia akaunti nyingine. Hili ni jambo la kawaida sana kwetu, na ni la kuangalia kwa makini, maana bekapu mpya hufuta ile iliyo kwenye akaunti ileile tu. Ukibadilisha akaunti, ya zamani inabaki. Tuliingia kwenye programu ya Google Drive kwa akaunti ile, tukafungua menyu, tukagusa Backups, tukaikuta WhatsApp imo, tukagusa vidoti vitatu pembeni yake na kuifuta. Bekapu isiyoguswa kwa zaidi ya miezi 5 Google inaweza kuiondoa yenyewe, ila mimi nisingeiachia muda jambo linaloniuma. Tahadhari moja tu: usifute ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba mpya imekamilika, maana simu ikipotea katikati hapo, umepoteza hata meseji za mama.

Zinabaki zile nakala za ndani ya simu. WhatsApp hutengeneza moja kila usiku saa 8 na kutunza za siku zisizozidi 7, kwenye folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Yenye jina lililoanza na `msgstore-` likifuatiwa na tarehe ni nakala ya siku hiyo. Za kabla ya siku uliyofuta unaweza kuziondoa kwa mkono, au uache wiki ipite. Ila ukihamisha mafaili yote kwenda simu mpya kabla wiki haijaisha, utazibeba nazo.

Wenye iPhone, nakala yao hukaa iCloud, na mpangilio ni uleule: futa kwanza, piga bekapu, kisha soma tarehe.

Nakala iliyoko kwenye simu ya yule mwingine haiguswi na lolote kati ya haya. Mdogo wangu alilijua hilo. Alichotaka ni yasimrudie yeye. Tuliiondoa WhatsApp, tukaipakua tena mbele ya macho yake. Kabla ya kubonyeza Restore alisoma tarehe iliyoandikwa hapo kwa sauti. Ilikuwa ya siku ileile, saa 10 jioni.