Vikasha Vikichanganyika, Tazama Barua Inatoka Wapi

Simu nyingi za Android hujikuta na akaunti mbili au tatu za barua pepe bila mwenyewe kupanga iwe hivyo. Ya kwanza hufunguliwa siku simu inaponunuliwa, maana bila akaunti ya Google hakuna kupakua programu kutoka Play Store. Ya pili huja na ajira au biashara. Ya tatu huwa ya kikundi, ya kanisa au ya kamati ya harusi. Zote huingizwa kwenye programu moja ya Gmail, kisha siku moja mtu anabonyeza mistari mitatu iliyo juu kushoto, anachagua `All inboxes`, na barua zote zinajipanga kwenye orodha moja: ankara ya muuzaji, tangazo la viatu, taarifa ya kikao.

Mwonekano huu wa pamoja si mgeni. Apple iliuweka kwenye iPhone mwaka 2010 ilipotoa iOS 4, na Gmail ya Android ikaupata mwaka 2015. Ulikusudiwa kumpunguzia mtu kazi ya kuingia akaunti moja, kutoka, na kuingia nyingine. Kwa kusoma, unatimiza ahadi hiyo vizuri. Matatizo huanza pale msomaji anapogeuka kuwa mwandishi.

Kwanza ieleweke nini hasa kinachanganyika. Barua zenyewe hazihami. Kila moja inabaki kwenye seva ya akaunti iliyoipokea, na programu inazionyesha tu pamoja kwa kufuata tarehe. Ukifuta barua ukiwa ndani ya `All inboxes`, inakwenda kwenye kapu la taka la akaunti yake, na ukifungua akaunti hiyo kwenye kompyuta utaikuta imefutwa huko pia. Kwa sababu hiyo, kuzitenganisha tena hakuhitaji kuhamisha chochote. Ni kubadili mwonekano.

Kwenye Gmail ya simu, hilo linafanyika kwa picha ndogo ya duara iliyo juu kulia. Ukiibonyeza, akaunti zote zinajitokeza. Chagua moja, na orodha inabaki na barua zake peke yake. Wenye haraka huteleza kidole juu ya picha hiyo kwenda juu au chini, na akaunti inayofuata inafunguka papo hapo. Kwenye iPhone, katika programu ya Mail, rudi nyuma hadi ukurasa wa `Mailboxes`. Juu kabisa ipo `All Inboxes`, na chini yake kikasha cha kila akaunti kwa jina lake. Ukibonyeza `Edit` unaweza kuondoa alama kwenye `All Inboxes` ili isionekane tena kwenye orodha hiyo. Kwenye kompyuta, Gmail ya kivinjari haichanganyi akaunti: kila moja ina ukurasa wake, na anwani ya juu huonyesha `/u/0/` kwa ya kwanza na `/u/1/` kwa ya pili.

Ukiwa kwenye mchanganyiko na hujui barua fulani imeingia kupitia akaunti ipi, ifungue, kisha ubonyeze kishale kidogo kilicho karibu na maneno `to me`. Anwani kamili ya mpokeaji inajitokeza. Hatua hiyo ndogo inafaa kabla ya kujibu lolote linalohusu fedha.

Sasa tuje kwenye kutuma. Tuseme kuna mama anayeendesha nyumba ya wageni Bagamoyo. Simu yake ina akaunti tatu: ya binafsi aliyoifungua zamani, ya nyumba ya wageni yenye anwani ya jina la biashara, na ya kikundi cha kuweka na kukopa ambacho yeye ni mweka hazina wake. Akaunti ya biashara imefunguliwa pia kwenye kompyuta ya mapokezi, ambako msaidizi wake huandika nafasi za vyumba.

Mgeni anaandika kuulizia chumba. Mama anaiona barua ndani ya `All inboxes`, anabonyeza kujibu, na jibu linaondoka na anwani ya biashara, kwa kuwa programu hujibu kupitia akaunti iliyopokea. Hapo mambo ni shwari. Jioni anakumbuka kwamba hakutuma orodha ya bei. Badala ya kurudi kwenye barua ile, anabonyeza kitufe cha kuandika barua mpya, anaingiza anwani ya mgeni, anaambatisha orodha na kutuma. Barua mpya haina ya kuifuata, hivyo programu imechukua akaunti iliyokuwa ikitumika wakati huo, nayo ni ya binafsi.

Kinachofuata hakipigi kelele. Mgeni anapata orodha kutoka kwa jina asilolijua, lile ambalo mama alilijaza miaka mingi iliyopita alipofungua akaunti. Anaijibu barua hiyohiyo: anathibitisha usiku mbili na kutaja saa ya kufika. Jibu linaingia akaunti ya binafsi. Nakala ya barua ya bei nayo imehifadhiwa kwenye `Sent` ya binafsi, si ya biashara. Msaidizi wa mapokezi anafungua kompyuta asubuhi, haoni orodha iliyotumwa wala uthibitisho, na chumba anampa mtu mwingine.

Kinga yake ipo kwenye mstari mmoja ambao macho huuruka: `From`. Katika Gmail ya simu mstari huu uko juu ya ukurasa wa kuandika, na kishale chake kikibonyezwa kinatoa orodha ya anwani zote unazoweza kutumia. Kwenye iPhone umejificha. Bonyeza mstari wa `Cc/Bcc, From` ili ufunguke, kisha gusa anwani kuibadili. Njia rahisi zaidi kwa mtu kama yule mama ni kutoandika barua mpya akiwa ndani ya mchanganyiko. Aingie kwanza akaunti ya biashara, aandike akiwa humo, na `From` itakuwa sahihi bila kuguswa.

Wenye iPhone wana mipangilio miwili ya kusaidia. `Default Account`, ndani ya mipangilio ya Mail, huamua barua mpya itoke akaunti ipi ukiwa kwenye mchanganyiko. Ipangie ile ambayo kukosea kwake kuna hasara ndogo. `Mark Addresses` hukuruhusu kuandika sehemu ya mwisho ya anwani za kazini kwako, na tangu hapo mpokeaji yeyote asiye wa huko anaonekana kwa rangi nyekundu unapoandika. Mtumishi anayeshika siri za ofisi atauona wekundu huo kabla hajatuma.

Na ikishatoka? Gmail hutoa nafasi ya kuirudisha kwa sekunde chache baada ya kutuma. Kwenye kompyuta muda huo unaweza kuupanga kuwa sekunde 5, 10, 20 au 30, na hakuna sababu ya kubaki na 5. Muda ukipita, barua haivutiki tena. Yule mama angefanya mambo mawili: kuipeleka nakala ya barua ile kwenye akaunti ya biashara ili msaidizi aione, kisha kumwandikia mgeni kutoka anwani ya biashara akimwomba aendelee kujibu hapo.

Kuna mchanganyiko mwingine unaofanana na huu kwa macho lakini si huu. Baadhi ya watu hawakuongeza akaunti ya pili kwenye simu. Waliamuru akaunti ya kazi iziruke barua zake zote kwenda akaunti ya binafsi. Hapa barua zinahama kweli. Dalili yake ni kwamba kwenye orodha ya akaunti unaiona moja tu, ilhali barua za anwani mbili zinaingia. Kubonyeza picha ya duara hakutasaidia, na kila jibu litatoka kwa anwani ya binafsi, hata kama mwandishi aliandika kwa anwani ya kazi.

Dawa ya hali hiyo iko kwenye kompyuta. Fungua Gmail ya kivinjari, bonyeza gurudumu la mipangilio, kisha `See all settings`, halafu `Accounts and Import`. Kwenye sehemu ya `Send mail as` chagua `Add another email address`, uandike jina na anwani ya kazi. Kama anwani hiyo si ya Gmail, utaulizwa seva ya kutumia barua, jina la mtumiaji na nenosiri. Aliyekufungulia anwani ndiye wa kuuliza, na mara nyingi namba ya mlango huwa 587 au 465. Msimbo wa kuthibitisha utatumwa kwenye anwani ile ya kazi. Ukishauingiza, weka alama kwenye `Reply from the same address the message was sent to`, na majibu yataanza kufuata anwani iliyoandikiwa. Anwani hiyo itajitokeza pia kwenye `From` ya simu.

Wengine hushangaa kwa nini waulizwe nenosiri na seva, wakati wanachotaka ni kubadili jina la mtumaji tu. Sababu ni udanganyifu. Mwenye jina la biashara mtandaoni huweza kutangaza ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina hilo, na seva ya mpokeaji huikagua orodha hiyo barua inapofika. Barua inayodai kutoka nyumba ya wageni huku imetumwa na seva isiyotajwa inaweza kutupwa kwenye barua taka au kukataliwa kabisa. Kwa kupitisha barua kwenye seva halisi ya anwani husika, unaipa nafasi nzuri ya kufika.

Anayechoka na mchanganyiko wakati wa mapumziko hana haja ya kuondoa akaunti kwenye simu. Ndani ya mipangilio ya Gmail kila akaunti ina sehemu yake ya arifa, inayoweza kuzimwa peke yake. Ipo pia `Sync Gmail`: ukiondoa alama yake, akaunti inabaki lakini barua mpya haziingii mpaka uirudishe. Kuiondoa akaunti yenyewe hakufuti barua zilizoko kwenye seva, ila kwa akaunti ya Google kunaweza kuondoka pia na majina ya simu yaliyohifadhiwa humo.

Kwa anayesoma tu, `All inboxes` inafaa na haina madhara. Kwa anayeandika kwa niaba ya biashara, ofisi au kikundi, ajenge mazoea mawili: barua mpya aianze akiwa ndani ya akaunti husika, na asome mstari wa `From` kabla ya kubonyeza kutuma. Kama una barua ya bei, mkataba au risiti uliyotuma wiki hii, fungua `Sent` ya kila akaunti leo uone ilitokea wapi.