Hela Inayosubiri Kupokewa

Kwenye M-Pesa hakuna anayekuuliza kama unataka kupokea. Ukitumiwa hela, salio limeshaongezeka hata kabla hujasoma ujumbe. WeChat ya Uchina, ambayo wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou wanaifahamu vizuri, ina utaratibu mwingine. Hela hutumwa palepale watu wanapoandikiana, na mpokeaji sharti aikubali.

Tuseme mwanafunzi anamtumia mwenye nyumba yuan 800 za kodi, saa tatu usiku. Akiwa ndani ya mazungumzo yao anabofya alama ya kujumlisha, anachagua kutuma pesa, anaandika kiasi na neno "kodi", kisha anaweka namba ya siri yenye tarakimu sita. Papo hapo yuan 800 zinatoka kwenye salio lake, au kwenye kadi ya benki aliyoiunganisha. Chini ya salamu zao kinatokea kiboksi cha rangi ya chungwa kinachoonyesha kiasi hicho.

Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu kiboksi kile ni taarifa tu. Hela imeshamtoka mwanafunzi lakini haijamfikia mwenye nyumba. Iko katikati, imeshikiliwa na mfumo wa malipo wa Tencent, kampuni inayomiliki WeChat. Mwenye nyumba akibofya kiboksi anaona kitufe cha kupokea. Akikibonyeza, yuan 800 zinaingia kwenye salio lake la WeChat, na kiboksi kinapauka kuonyesha kwamba zimepokewa.

Asipobonyeza mpaka saa tatu usiku wa kesho yake, yaani saa 24 zikitimia, mfumo unazirudisha kwa mwanafunzi, kulekule zilikotoka. Mwenye nyumba anaweza pia kuzirudisha mwenyewe bila kungoja. Naona hili ni jambo la haki kabisa. Kama yeye anadai 1,000 na wamekuwa wakibishana, anaweza kuziacha 800 zirudi, isije ikadhaniwa kwamba ameridhika nazo.

Mtumaji hana nguvu hiyo. Akigundua kwamba ametuma kwa mtu asiye, hapati kitufe cha kughairi, hata kama hela bado haijapokewa. Amwandikie haraka yule mtu na kumwomba azirudishe, au aache saa zipite bila kubonyeza. Zikishapokewa, kurudi kwake kunategemea uungwana wa aliyezipata.

Matapeli nao wanaujua mwanya mmoja: hutuma picha ya kiboksi badala ya kiboksi chenyewe. Machoni vinafanana sana. Ukibofya picha, inafunguka kama picha nyingine yoyote, na kitufe cha kupokea hakiitikii kidole. Muuzaji aliyekwisha kuumizwa hutazama kwanza salio lake, ndipo aachie mzigo.