Volti Tano Kwenye Pini ya Volti Tatu

Anayeanza kujifunza elektroniki hufika mapema kwenye kazi ya kupima maji ndani ya tangi lililo juu ya paa. Anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni sensa ya HC-SR04, ile yenye macho mawili ya mviringo, ambayo hutoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu na kusubiri mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Cha pili ni bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, inayopima muda wa mwangwi huo na kupeleka jibu kwenye simu.

Sensa hutoa jibu lake kwenye pini iliyoandikwa ECHO. Huiwasha pini hiyo kwa muda ambao sauti imetumia kwenda na kurudi, takriban mikrosekunde 58 kwa kila sentimita. Maji yakiwa mita moja chini ya sensa, pini huwaka kwa karibu milisekunde 6, kisha huzima. ESP32 huhesabu muda huo tu.

Lakini huwaka kwa volti ngapi? HC-SR04 hutumia umeme wa volti 5, kwa hiyo "ndiyo" yake ni volti 5. ESP32 hutumia volti 3.3, na mipaka iliyowekwa na watengenezaji wake, Espressif, hairuhusu pini ipokee zaidi ya takriban volti 3.6. Ukiunganisha waya moja kwa moja, kila mwangwi unaorudi unaipiga pini kwa umeme uliozidi mpaka huo.

Cha kukera ni kwamba mara nyingi kifaa hufanya kazi. Namba zinatokea, maji yanapanda na kushuka kwenye skrini, na mwenye kifaa anaona kwamba maonyo yote yalikuwa ya bure. Chipu nyingi za aina hii huwa na kinga ndogo ndani ya pini, ambayo huuelekeza umeme uliozidi kwenye njia ya volti 3.3. Kinga hiyo imewekwa kwa ajili ya mshtuko wa mara moja, kama ule wa kidole kikavu kinachogusa chuma. Haikukusudiwa kubeba mkondo kila sekunde, usiku na mchana. Ikichoka, pini huanza kuonesha namba isiyobadilika hata maji yakipungua, au chipu hupata joto bila kazi yoyote, au bodi nzima hukataa kuwaka. Fundi anayepelekewa bodi hiyo kwa kawaida huilaumu bodi.

Tiba yake kwenye waya wa ECHO ni rezista mbili. Ya kwanza, ya kiloomu 2.2, iwekwe kati ya ECHO na pini ya ESP32. Ya pili, ya kiloomu 3.3, itoke kwenye pini hiyohiyo ya ESP32 hadi GND. Zikipangwa hivyo, zinagawana zile volti 5 kulingana na ukubwa wao, na pini inaona sehemu ya rezista ya chini peke yake:

```
5 × 3.3 ÷ (2.2 + 3.3) = 3.0
```

Utakuta michoro mingi ikitumia kiloomu 1 na 2, ambazo hutoa volti 3.33. Si kosa, lakini mimi naona nafasi iliyobaki ni finyu. Rezista yenye mstari wa dhahabu inaweza kutofautiana na thamani yake kwa asilimia 5, na chaja ya simu inaweza kutoa volti 5.25 badala ya 5. Makosa hayo yakiangukia upande mmoja, volti 3.33 inasogea hadi 3.6, yaani mpakani kabisa. Kwa jozi ya 2.2 na 3.3, makosa hayohayo yanafika volti 3.27 tu. Upande wa chini nako kuna usalama: ESP32 huhesabu kwamba pini imewaka kuanzia takriban volti 2.5, na jozi hii hata ikikosewa vibaya, kwa umeme wa volti 4.75, haishuki chini ya 2.7.

Kosa la kawaida ni kuzibadilisha nafasi. Kiloomu 2.2 ina mistari mitatu myekundu kabla ya dhahabu, kiloomu 3.3 ina miwili ya chungwa na mmoja mwekundu, na chini ya taa hafifu rangi hizo hufanana. Zikibadilishwa, pini inapata volti 2.0. Hakuna kinachoungua, ila ESP32 haina hakika kama imeambiwa ndiyo au hapana, na vipimo vinarukaruka.

Usijaribu kupima jambo hili kwa multimita wakati sensa inafanya kazi, kwa sababu milisekunde 6 ni fupi mno kwa mita ya kawaida. Chomoa waya wa ECHO kutoka kwenye sensa na ule unaoingia kwenye pini ya ESP32. Gusisha mwanzo wa rezista ya kwanza kwenye volti 5, kisha pima kati ya maungio ya rezista na GND. Ukisoma karibu volti 3.0, unganisha. Ukisoma 2.0, umezibadilisha. Ukisoma 5, rezista ya chini haijafika GND. Hakikisha pia kwamba GND ya sensa na ya bodi zimeunganishwa pamoja, la sivyo hakuna volti yoyote kati ya hizo yenye maana.

Waya wa TRIG, ambao ESP32 huutumia kuiamuru sensa itoe sauti, hauna hatari hiyo. Volti 3.3 zinapanda kwenye kifaa cha volti 5, na swali pekee ni kama zitasikika. Kwa HC-SR04 kwa kawaida zinasikika.

Rezista hizi zinashindwa pale waya mmoja unapotumika kusema na kusikiliza. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye mfumo wa I2C, unaotumiwa na sensa za hali ya hewa kama BME280 ya volti 3.3 zinapounganishwa na Arduino Uno ya volti 5. Hapo hutumika transista ndogo, mara nyingi BSS138, moja kwa kila waya, na rezista ya kiloomu 10 kila upande inayoushikilia waya juu kwa volti ya upande wake. Waya ukiwa umetulia, transista imefungwa, na kila upande unabaki kwenye volti yake. Upande wowote ukiuvuta waya chini hadi sifuri, transista inafunguka na kuuvuta upande wa pili pia. Mpango huu ulielezwa na kampuni ya Philips, iliyobuni I2C, mwaka 1997, na ndio uliomo kwenye vile vibao vidogo vya kubadilisha volti vyenye alama za HV na LV. HV huenda kwenye volti 5, LV kwenye 3.3.

Kabla ya kununua kibao hicho, angalia bodi ya sensa yenyewe, kwani baadhi ya bodi za BME280 tayari zina transista hizo. Na kwa kazi ya tangi kuna toleo la HC-SR04P linalokubali volti 3.3, ukilipa volti hizo, ECHO yake nayo haizidi hapo, na huhitaji rezista hata moja.