Wakili Amekula Bonasi ya Chai, Sasa Hashiki Simu

Tuseme babako kule Kimulot alitoa bonasi yote ya chai akampa wakili, afuatilie kesi ya shamba iliyoko korti ya Bomet. Miezi inaisha, simu haishikwi. Usimalizie hasira kwa status, msee.

Anza na rejista ya korti. Beba namba ya kesi, uone faili inasema nini. Mwaka ukipita bila hatua yoyote, korti inaweza kuitupa kesi, na hapo ndipo pa kukimbia. Kisha mwandikie wakili barua ukitaka ripoti na faili yako, ubaki na nakala.

Akinyamaza, peleka malalamiko kwa Chama cha Mawakili, LSK, ama kwa Tume ya Malalamiko ya Mawakili, ambayo haitozi kitu. Ambatisha risiti au taarifa ya M-Pesa. "Nilimpa mkononi" ni ngumu kuthibitisha.

Jopo la Nidhamu likimpata na hatia, linaweza kumsimamisha kazi, kumfuta kwenye orodha au kumwamuru alipe fidia. Kesi ya shamba halisikilizi. Hiyo inataka wakili mwingine, na notisi ya kubadilisha wakili iwekwe kortini mapema.